Karatasi ndogo chini ya dawati

Waraka wa mkuu wa shule kuhusu kusimamia mitihani huwa mrefu, lakini sehemu inayowatatiza walimu ni ile ya udanganyifu. Chukua mtihani wa majaribio wa Baiolojia, kidato cha nne: saa 3:40 asubuhi msimamizi anaona kikaratasi chini ya paja la mwanafunzi. Wengi hukichana kwa hasira, na ushahidi umepotea hapo hapo.

Waraka mzuri unamtaka akichukue kimya kimya, aandike saa na namba ya mtahiniwa, amwite msimamizi mwenzake ashuhudie, kisha amwache mwanafunzi aendelee kuandika. Kumtoa nje si kazi yake; huenda kikaratasi ni cha jirani, au hakihusiani na maswali.

Mtihani ukiisha, mwanafunzi anaandika maelezo na kusaini. Akikataa, kukataa kwenyewe kunaandikwa. Taarifa na kikaratasi vinafika kwa mwalimu wa taaluma siku hiyo hiyo. Taarifa ieleze kilichoonekana tu: “alikuwa na karatasi”, si “alinakili”. La pili litajulikana kikaratasi kikilinganishwa na majibu yake.