Makovu ya Moyo: Sehemu ya Pili, Tumbo Lililofura

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi moyo ulio mzima unavyojaa damu kisha ukaikamua; leo twaingia katika maradhi ambayo moyo huweza kukamua muda mrefu ilhali umekataa kujazwa. Matabibu huyaita fibrosisi ya endomayokadia, yaani makovu ya utando wa ndani wa moyo. Daktari Jack Davies, aliyekuwa mtaalamu wa kupasua maiti huko Kampala, aliyaeleza mwaka 1948 baada ya kuiona mioyo ambayo utando wake wa ndani, badala ya kuwa laini na mwembamba, ulikuwa umegeuka kuwa gamba jeupe, gumu. Tangu hapo yamejulikana pia Msumbiji, Naijeria, Kerala ya Bara Hindi na Brazili, aghalabu katika nchi za joto na unyevu, na aghalabu kwa mafukara.

Kovu hilo huanzia kwenye ncha ya chumba cha chini cha moyo na katika njia ya kuingilia damu. Huijaza ile ncha, na mara nyingi damu huganda juu yake, hata chumba kilichokuwa na nafasi ya kutosha kikawa kama kibuyu kilichozibwa tumbo. Tena huzishika nyuzi zinazoshikilia vali, basi vali isiweze kufunga barabara, na kila pigo la moyo likairudisha sehemu ya damu ilikotoka. Chumba cha juu, kwa kupokea kinachokuja na kinachorudi, hutanuka mno. Makovu yakiwa upande wa kushoto, shinikizo hurudi mapafuni, na mgonjwa hupumua kwa taabu. Yakiwa upande wa kulia, hurudi katika mishipa mikuu, kwenye ini na tumboni, na huo ndio upande nitakaoshughulika nao hapa.

Tumtazame mvulana wa miaka 12, ambaye kwa kimo wamdhania ana 8. Tumbo limefura hata kitovu kimetokeza, uso umevimba kidogo, na mashavu yamejaa chini ya masikio. Walakini miguu yake ni mikavu na myembamba kama fimbo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani tumezoea kuwa moyo ukishindwa, maji huanzia vifundoni. Jamaa zake husema ni safura, au amerogwa. Tabibu naye huenda akadhania ini limeharibiwa na kichocho. Hata maji yakifyonzwa yakapimwa, yaweza kuwa na protini nyingi na chembe nyeupe zile zile zinazoonekana katika kifua kikuu cha tumbo, na mtoto akameza dawa za kifua kikuu miezi kadhaa bila ya nafuu.

Jawabu liko shingoni. Mkalishe mtoto wima, mgeuze uso kidogo, utazame mishipa: kama imejaa hata chini ya taya, na ini laguswa likidunda pamoja na moyo, basi illati haiko kwenye ini. Kipimo cha mawimbi ya sauti huonyesha yaliyobaki: ncha iliyozibwa, chumba cha chini kilichosinyaa, na cha juu kikubwa kupita kiasi.

Ama sababu yake, ingali mjadala. Wako wanaoshuku minyoo na zile chembe za damu ziitwazo eosinofili, ambazo huongezeka mwanzoni mwa maradhi kwa baadhi ya wagonjwa. Wako wanaoshuku lishe iliyo haba protini na iliyotegemea muhogo. Wengine madini ya udongo, hususan siriamu. Yamkini ni mambo kadhaa yanayokutana. Lililo wazi ni kwamba maradhi hutangulia dalili kwa mbali: huko Inhambane, Msumbiji, Daktari Ana Olga Mocumbi na wenzake waliwapima watu 1,063, na matokeo yao yaliyotoka mwaka 2008 yalionyesha makovu kwa 211, na wengi miongoni mwao hawakuwa wakilalamika lolote.

Kwa mvulana wetu, dawa za kukojoza humpunguzia uzito, lakini zikizidi humkausha, maana moyo uliobanwa hauishi bila ya shinikizo la kuusukumia damu. Maji ya tumbo yakifyonzwa, hupumua vizuri na kula. Kisha maji hurejea, na kila mara yakifyonzwa huondoka na protini ambayo mwili mdogo ule hauna akiba yake. Dawa ya kuyeyusha kovu haipo. Limebaki lile tendo la kufungua moyo, kulibandua gamba na kuitengeneza au kuibadili vali, ambalo huwafaa waliowahi na huwaua baadhi ya waliochelewa. Habari zake tutazieleza juma lijalo, inshallah.