Homa ya Ini B: Dakika Kumi za Mkutano wa Kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji ukifika kwenye ajenda ya afya, jua limeshakuwa kali na watu wanangoja hoja ya maji au ya mipaka ya mashamba. Mhudumu wa zahanati anapewa dakika kumi. Wapo wanaozianza kwa kutangaza kwamba homa ya ini B inaua kuliko Ukimwi. Ningekuwa mimi, maneno hayo ningeyaacha. Yanawafanya watu wakimbie kipimo, na anayekutwa na virusi anatengewa sahani na kikombe, ilhali ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja, kushikana mikono wala kukoholeana. Njia zake ni damu, kujamiiana, na mama kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua.

Ningeanza na umri. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hushinda wenyewe ndani ya miezi 6. Wanaoshindwa hawafiki watano katika kila 100. Kwa mtoto mchanga mambo yamegeuka: katika kila 100 wanaoambukizwa wakizaliwa, takriban 90 hubaki na virusi maisha yao yote. Wala haonekani kuumwa. Anakua, anasoma, anaoa, huku ini likichakaa polepole, hadi siku tumbo linapojaa maji au hospitali inapomwambia ni saratani ya ini. Kwa kuwa mama mmoja anaweza kuwaambukiza watoto kadhaa, ndugu wa tumbo moja hufuatana kuugua, na kijiji kinatafuta mchawi.

Hapo hakosekani mzee wa kusimama na kusema aliwahi kugeuka macho manjano akapona kwa mizizi. Asibishiwe. Macho manjano yana sababu nyingi, na hata kama ilikuwa B, watu wazima walio wengi wangepona bila dawa yoyote, kwa hiyo mganga wake amejipatia sifa kwa kazi ya mwili. Aombwe tu aje kupima. Ni tone la damu ya kidoleni kwenye kipimo cha HBsAg, na majibu hutoka muda si mrefu.

Kisha ningeichukua nyumba moja ya mfano. Mama mjamzito amepimwa kliniki na kukutwa na virusi. Majibu yake yanawahusu wote wanaolala chini ya paa lile. Kwanza mtoto aliye tumboni: mama apelekwe hospitali, kwani kuna dawa ya tenofovir ambayo baadhi ya wajawazito hupewa kuanzia miezi mitatu ya katikati ya mimba ili kupunguza virusi kabla ya kujifungua. Mtoto naye anatakiwa kuchanjwa ndani ya saa 24 za kwanza, hivyo familia iulize mapema hospitali gani inayo chanjo hiyo. Chanjo ya Penta hukinga pia homa ya ini B, lakini huanza wiki ya 6, na mtoto aliyeambukizwa siku ya kuzaliwa imeshamchelewa. Kunyonyesha hakukatazwi.

Baba akikutwa hana virusi wala kinga, anachanjwa mara tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Mpaka amalize, kondomu. Mtoto wa miaka minne mwenye kadi iliyojaa Penta apimwe pia, kwa sababu ile ile ya wiki sita. Bibi na shangazi wapimwe bila kuulizwa kadi: Tanzania iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwaka 2002, na waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata. Wembe na mswaki kila mtu awe na wake, maana virusi hivi huweza kuishi nje ya mwili siku 7, hata damu ikiwa imekauka.

Kwa nini kupima kwanza? Chanjo haimdhuru aliyeambukizwa, ila haimtibu, na atarudi nyumbani akidhani amekingwa. Yeye anahitaji hospitali ipime hali ya ini na wingi wa virusi. Si kila mmoja huanzishwa dawa; wengine hufuatiliwa tu kwa vipindi, na wote waache pombe. Dawa zilizopo huvizuia virusi visiharibu ini, ingawa ni nadra kuvimaliza kabisa.

Mahali zoezi hili linapovuja ni dozi ya tatu. Ya kwanza watu hujipanga foleni, ya pili hupungua, na ya mwezi wa 6 husahaulika kwa kilimo na safari. Mkutano wa kijiji hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo dozi ya mwisho inaangukia mkutano wa pili kutoka huu wa leo. Mtendaji aiandike katika ajenda ya siku hiyo sasa hivi, kabla hoja ya maji haijafunguliwa.