Tumehamia benki nyingine: barua isiyomfungulia mwizi mlango

Kampuni ikihama benki huwaandikia wateja barua fupi: tumebadilisha akaunti, kuanzia sasa lipeni huku. Wezi wa malipo nao huandika barua hiyo hiyo, tena kwa nembo, sahihi na muhuri walivyovitoa kwenye ankara za zamani. Mteja anayezipokea hana namna ya kuzitofautisha kwa kuzitazama tu. Kwa hiyo mhasibu anayetaka kutangaza akaunti mpya ajiulize jambo moja kabla ya kuituma barua yake: mwizi akiinakili kama ilivyo, akabadilisha tarakimu za akaunti peke yake, mteja wangu ataibiwa? Kama ataibiwa, barua hiyo haifai kutoka ofisini.

Wizi huu umewapata hata wenye idara kubwa za fedha. Kati ya 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, aliwafanya Google na Facebook walipe zaidi ya dola milioni 120 kwenye akaunti alizozimiliki yeye. Alijifanya Quanta Computer ya Taiwan, ambayo kweli ilikuwa ikifanya biashara na kampuni hizo, na huko Latvia alisajili kampuni yenye jina lile lile. Desemba 2019 mahakama ya New York ilimfunga miaka 5. Aliyekagua jina la mwenye akaunti kabla ya kulipa angelikuta jina alilolitarajia.

Hilo la jina linatugusa sana sisi, maana simu zimetuzoesha kulitegemea. Safaricom wana Hakikisha, na mitandao ya Tanzania nayo humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri. Mtu akienda benki na mazoea hayo, hudhani huko nako kuna anayelinganisha jina na namba. Katika malipo ya nje, yale wafanyabiashara wanayoyaita TT, benki inayopokea mara nyingi huingiza fedha kwa kufuata namba ya akaunti, na jina likipishana kidogo huenda asitokee wa kuhoji. Malipo makubwa ya ndani yanayopita TISS, mfumo wa Benki Kuu ya Tanzania, yakishatimia ni ya mwisho. Benki yako inaweza kuiomba benki ya upande wa pili izuie fedha, lakini ombi hilo hufaa tu kama fedha bado zipo.

Tuchukue mfano wa wakala wa forodha wa Dar es Salaam anayemtolea mizigo mteja wa Lubumbashi. Kuna ankara ya dola 18,400 ya tozo za bandari na usafiri hadi Kasumbalesa. Mwizi amekwisha kuingia kwenye barua pepe ya wakala na kuweka mpangilio unaompelekea nakala ya kila ujumbe wenye neno ankara. Wakala anahama benki na kuwatangazia wateja akaunti mpya, namba ikiwa humo humo. Kesho yake mteja anapata ujumbe mwingine: samahani, kwenye barua ya jana kulikuwa na kosa katika tarakimu, tumia namba hii. Ujumbe wa kwanza ulitoka `mfano.co.tz`, wa pili umetoka `rnfano.co.tz`, ambapo herufi r na n zimekaa pamoja zikaonekana kama m. Mteja hashtuki, kwa sababu habari ya kuhama anayo tayari, tena ameipata kwa wakala mwenyewe. Barua halali ndiyo iliyomtengenezea mwizi njia, na kwangu hilo ndilo jambo linalouma zaidi katika mkasa mzima.

Sasa tuiandike upya barua ya wakala huyo:

“Ndugu mteja, kuanzia 1 Julai tutapokea malipo kupitia benki nyingine. Namba ya akaunti mpya haimo katika barua hii, na hatutaituma kwa barua pepe wala WhatsApp. Tafadhali mpigie mtu wa ofisini kwetu unayemfahamu, kwa namba ya simu iliyo kwenye mkataba wako, akusomee. Usipige namba yoyote uliyoikuta kwenye ujumbe unaohusu mabadiliko haya. Akaunti ya sasa itaendelea kupokea malipo hadi 30 Septemba, kwa hiyo huna sababu ya kuharakisha. Hatutatuma marekebisho. Ukipata ujumbe wenye namba ya akaunti, au unaodai kuwa akaunti ya sasa imefungwa au iko kwenye ukaguzi, usilipe. Tupigie.”

Sentensi ya akaunti ya zamani kubaki wazi ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mwizi hutegemea haraka: akaunti imefungwa, meli imefika, tozo ya kuchelewesha kontena inahesabika. Mteja anayejua kwamba akilipa kule alikozoea fedha zitafika, haraka hiyo haimbabaishi, na akiwa na shaka analipa kule kule. Gharama yake ni ada za benki za miezi michache kwa akaunti ambayo ingeweza kufungwa mapema. Sentensi ya marekebisho nayo inaziba ule ujumbe wa kesho yake, ambao vinginevyo hupita bila kuulizwa.

Mteja akipiga, asomewe namba kisha airudie yeye mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, kwa sababu kosa moja la kusikia linatosha kupeleka fedha pasipotakiwa. Mhasibu wake atataka karatasi ya kuweka kwenye faili. Apewe barua ya benki inayothibitisha mwenye akaunti, ikiwezekana kwa mkono, baada ya simu hiyo wala si badala yake. Kabla ya dola 18,400, mteja atume dola 50 na kumpigia tena yule yule kuuliza kama zimeingia. Jaribio hilo lina ada yake ya TT, kwa hiyo wengi watalifanya kwa malipo makubwa tu, na hapo ndipo linapohitajika.

Barua hii ina mipaka yake. Mteja ambaye haikumfikia, akaipata ya mwizi peke yake, hana onyo lolote mkononi. Dawa ni kuweka onyo hilo mapema, kwenye mkataba na chini ya kila ankara, hata wakati ambapo hakuna mpango wa kuhama: namba ya akaunti yetu haibadilishwi kwa ujumbe, piga simu. Laini ya simu nayo inaweza kutekwa kwa kusajiliwa kwenye kadi nyingine, ndiyo maana barua inamtaja mtu unayemfahamu. Sauti ikiwa ngeni, muulize kontena la mwisho alilokutolea lilikuwa na mzigo gani.

Kinachovunja mpango huu mara nyingi ni simu isiyopokewa. Mteja akipiga mara tatu bila kujibiwa, atauliza kwa barua pepe, na atakayemjibu huenda akawa mwizi. Katika miezi hiyo mitatu ofisi iwe na watu wawili wenye namba mkononi, na orodha ya wateja inayoonyesha nani amekwisha kupiga. Mwezi wa Septemba watabaki wachache ambao hawajapiga, na itabidi ofisi iwatafute. Hata hapo, mpigaji asitaje namba ya akaunti. Amwambie mteja akate simu, afungue mkataba, kisha apige yeye.