Kompyuta Inapokataa Kiendeshi cha Kifaa cha Zamani

Mtumiaji akiunganisha kadi ya sauti ya zamani, ya USB, kwenye kompyuta yenye Windows ya biti 64, huenda akakuta alama ya njano katika Device Manager pamoja na maneno Code 52. Kadi yenyewe yaweza kuwa nzima. Kilichokataliwa ni kiendeshi, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo, kwa kuwa saini yake ya kidijitali haikuthibitika. Kiendeshi cha namna hii hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo. Kikiwa na hila, chaweza kuzipita kinga nyingine.

Tunashauri kiendeshi kipya kitafutwe kwanza kwa mtengenezaji au katika Windows Update, sehemu ya Optional updates. Kisipopatikana, cha zamani kiondolewe, kisha kadi ichomekwe upya. Mara nyingi kiendeshi cha sauti cha Windows yenyewe hutosha, ingawa vitufe maalumu vya kadi vyaweza kutofanya kazi.

Kubonyeza F7 katika Startup Settings husitisha ukaguzi wa saini, lakini kompyuta ikiwashwa upya ukaguzi hurejea na kadi hunyamaza. Fundi akipendekeza amri ifuatayo, mteja aikatae:

```
bcdedit /set testsigning on
```

Amri hiyo hulegeza ukaguzi mpaka ifutwe, na dalili yake ni maneno Test Mode pembeni mwa skrini.

Njia hizo salama zikishindikana, kadi itumike kwenye kompyuta ya zamani isiyounganishwa na intaneti.