Mlango Uliofungwa na Dadu ya Nyuso 20

Waliocheza gemu ya Baldur's Gate 3, iliyotoka mwaka 2023, wameiona dadu ya nyuso 20 ikibingirika kwenye skrini. Kanuni hizo zimetoka mezani, katika Dungeons & Dragons, mchezo uliochapishwa mwaka 1974.

Mezani, kazi ya kompyuta hufanywa na msimamizi. Hueleza mahali, kisha huuliza: mnafanya nini? Tuseme mlango una kufuli. Msimamizi anaupa ugumu wa 15. Mchezaji anarusha dadu, anapata 11, anaongeza 5 za ustadi wake: 16, kufuli linaachia. Mwenzake angeweza pia kubisha hodi na kujifanya muuza samaki. Gemu ya kompyuta huenda isingekuwa na kitufe cha hilo, lakini msimamizi angemjibu kwa sauti ya mlinzi.

Hatari huja dadu ikikataa. Kama hadithi nzima iko nyuma ya mlango huo, mchezo unakwama, na watu wanaanza kutazama simu. Msimamizi mzuri huruhusu mlango ufunguke, ila kwa kelele iliyomwamsha mlinzi.

Kundi la kwanza litoshe wachezaji watatu au wanne, wenye wahusika waliokwisha kuandaliwa, na kisa kinachomalizika jioni moja.