Rangi, Kimo na Umbile: Chaguo la Moyo au Ubaguzi?

Wapo vijana wanaomwekea mshenga masharti kabla hajavuka kizingiti: binti awe mweupe, au angalau maji ya kunde, asiwe mnene, asiwe mfupi. Wapo na wazazi wanaomrudisha mposaji kwa weusi wake tu, kisha wakasema kuwa moyo haulazimishwi. Tujiulize: huo ni moyo, au ni mafunzo ya watu?

Sheria haikuupuuza moyo. Mughira bin Shu'ba (r.a.) alipoposa, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza akamtazame mwanamke huyo, ili mapenzi yao yapate kudumu. Barira (r.a.) naye, alipoachwa huru, alichagua kuachana na mumewe Mughith, aliyemfuata katika njia za Madina huku akilia. Mtume alimwombea arudiwe. Barira akauliza iwapo hiyo ni amri. Alipojibiwa kuwa ni maombezi tu, akakataa, wala hakulaumiwa. Kwa hiyo, kutompenda mtu fulani si dhambi.

Lakini tuzingatie: Mughira alitakiwa kumtazama mtu mmoja, na Barira alimkataa mume aliyemfahamu. Hapakuwa na hukumu juu ya watu wasioonwa.

Kisa cha Fatima bint Qays (r.a.) kinatufunulia upande wa pili. Alikuwa Mkureshi, na eda yake ilipokwisha aliposwa na Muawiya na Abu Jahm. Mtume akamshauri aolewe na Usama bin Zayd, ambaye baba yake aliwahi kuwa mtumwa na mama yake, Ummu Ayman, alikuwa Mhabeshi. Fatima akachukia. Imamu Nawawi ameeleza sababu: Usama alitokana na mtumwa aliyeachwa huru, tena alikuwa mweusi sana. Mtume hakumlazimisha, bali alirudia ushauri wake. Fatima akakubali, na baadaye akasimulia kuwa Allah (s.w.) alijaalia kheri katika ndoa ile, hata wenzake wakaitamani hali yake.

Chuki ile ilitangulia maisha ya pamoja. Ilifunzwa na jamii. Kwetu pwani, utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini bado weusi wa ngozi hutajwa kama dosari katika vikao vya posa. Unene nao ni ushahidi: bibi zetu walisifiwa kwa unono, wajukuu wanasifiwa kwa wembamba. Maumbile hayakubadilika, yaliyobadilika ni macho ya watu.

Anayetaka kuipima nafsi yake ajiulize mambo mawili. Je, nimemkataa huyu baada ya kumwona na kuzungumza naye mbele ya mahramu wake, au nilimkataa kabla? Na lau jamaa na majirani wasingesema neno juu ya rangi yake au kimo chake, ningemkataa? Binti anayehofia tu kuchekwa kwa kumpita mumewe kimo, hofu yake ni ya watu, si ya moyo.

Hatusemi mtu aoe asiyempenda, kwani hiyo ni dhulma kwa mwenzake. Tunasema masharti ya rangi na kimo yaondolewe kwa mshenga, mposaji aonwe kwanza, ndipo moyo uulizwe.

Wallahu a'lam.