Programu Inayojifunga Katika Runinga ya Zamani: Kufuta Akiba na Kusakinisha Upya

Makala haya yanafafanua tatizo linalozikumba runinga janja za zamani: programu ya kutazamia filamu mtandaoni hufunguliwa, nembo yake ikaonekana kwa nukta chache, kisha ikajifunga yenyewe. Swali la msingi ni hili: hatua ipi itangulie, na ipi isichukuliwe kwa pupa?

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Katika runinga, akiba huoza. Neno hilo, ambalo sasa hutumika pia kwa maana ya kache, hurejelea picha na taarifa ambazo programu huzihifadhi ili isizipakue tena. Umeme ukipotea wakati faili inaandikwa, faili hiyo yaweza kubaki nusu. Programu ikijaribu kuisoma inapofunguliwa, huanguka.

Tuchukue mfano wa runinga ya Android katika nyumba moja mjini Mutomo, inayopata intaneti kupitia simu. Kwanza, ichomolewe kwenye umeme kwa dakika moja, kwani kitufe cha rimoti mara nyingi huilaza tu bila kuizima. Tatizo likiendelea, mtumiaji aingie `Settings`, kisha `Apps`, achague programu husika, abonyeze `Force stop` na hatimaye `Clear cache`. Hatua hii haigusi akaunti yake. Isipofaulu, ipo `Clear data`, ambayo hufuta pia taarifa za kuingilia. Kwa hiyo nenosiri liwe tayari mkononi.

Kusakinisha upya ndiko kunakohitaji tahadhari. Kabla ya kubonyeza `Uninstall`, programu itafutwe katika duka la programu la runinga yenyewe, wala si la simu. Ikiwa haimo, au duka linasema haiafikiani na kifaa hicho, isiondolewe: huenda isipatikane tena. Ikiwa imo, ukubwa wake utazamwe ili bando la simu lisiishe katikati ya upakuaji. Kwa programu zilizokuja na runinga, kwa kawaida hutokea `Uninstall updates`, amri inayoirejesha programu katika toleo la kiwandani. Toleo hilo nalo huenda likahitaji kusasishwa kabla ya kufanya kazi.

Iwapo programu iliyosakinishwa upya inaanguka vilevile, ilhali nyingine zinafanya kazi, yaelekea kasoro haimo katika akiba. Huenda toleo jipya limeizidi runinga uwezo, au mwenye huduma ameacha kuihudumia. Mnamo tarehe 1 Desemba 2019, kwa mfano, Netflix iliacha kufanya kazi katika baadhi ya runinga za Samsung za miaka ya 2010 na 2011, ingawa vioo vyake vilikuwa vizima. Hapo kufuta akiba hakufai kitu. Kisanduku kidogo cha Android kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI huchukua kazi ya kuendesha programu, na runinga ikabaki na kazi ya kuonyesha picha na kutoa sauti.